Namba za 4-4-9 zilitoka wapi, na kwa nini unga wako umetoa 407 wakati maabara wamesema 393

Swali: Habari mtaalamu. Natengeneza unga wa lishe huku Kigoma mjini. Kwa kilo 10 naweka mahindi yasiyokobolewa kilo 7, soya kilo moja na nusu, karanga kilo moja na dagaa nusu kilo. Nimepeleka sampo maabara wakaniletea karatasi, kwa gramu 100: maji 8.6, protini 17.5, mafuta 10.8, majivu 3.1, kabohaidreti 60.0, nyuzi lishe 7.2. Chini wameandika 393 kcal / 1652 kJ. Mimi nilifundishwa kuzidisha protini kwa 4, kabohaidreti kwa 4 na mafuta kwa 9, napata 407. Nani kakosea? Na hizo namba zimetoka wapi, maana kila mtu anazitaja ila hamna anayeeleza.

Jibu: Nzuri dada, pole na hiyo karatasi. Hamna aliyekosea hapo, si wewe si wao, ila mmepima kitu tofauti kidogo mkakiita jina moja, na hicho kitu ni kabohaidreti. Lakini nikikupa hesabu moja kwa moja utaikariri tu kama ulivyokariri ile ya 4-4-9, na batch ijayo ikibadilika utakwama tena. Kwa hiyo ngoja tuanzie pale pale ulipomalizia, zimetoka wapi.

Kilokalori moja ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji, yaani lita moja, kwa nyuzijoto moja. Basi, ni kipimo cha joto tu. Ukitaka kujua chakula kina joto kiasi gani unakichoma. Maabara kuna chombo kinaitwa kalorimita ya bomu, usiogope jina, ni kikopo kizito cha chuma kinachofungwa kisawasawa, ndani unaweka kipande cha chakula kikavu, unajaza oksijeni kwa presha, kikopo chenyewe kinazamishwa kwenye maji, halafu unawasha kwa waya wa umeme. Chakula kinaungua chote mpaka mwisho na unasoma maji yamepanda nyuzi ngapi. Chukua gramu moja ya mafuta, weka maji lita mbili nje, yatapanda karibu nyuzi 4.7, maana gramu ya mafuta inatoa kama kilokalori 9.4. Gramu moja ya kabohaidreti kwa wastani inatoa kama 4.1. Protini kwa wastani 5.65.

Hapo umeona kitu? Protini ni 5.65, haiko karibu na 4 kabisa. Watu wengi wanadhani 4-4-9 ni namba za kuchoma, kumbe sivyo. Ni namba za kuchoma UKISHATOA kile ambacho mwili haukukipata. Na mtu aliyeifanya hiyo kazi ya kutoa alikuwa Mmarekani anaitwa Wilbur Olin Atwater, alifundisha Chuo cha Wesleyan huko Middletown, jimbo la Connecticut, miaka ya mwisho ya elfu moja mia nane na kitu. Alichofanya ni kitu ambacho leo ukimwambia kijana wa maabara afanye ataomba uhamisho: anampa mtu chakula kilichopimwa, halafu anakusanya choo chake chote na mkojo wake wote kwa siku kadhaa, anakausha, na hivyo navyo anavichoma kwenye kalorimita. Ulichokula toa kilichotoka, ndo kilichobaki mwilini. Akashirikiana na mwanafizikia Edward Rosa wakajenga hadi kichumba kidogo mtu anakaa ndani siku kadhaa, wanapima joto linalomtoka, kuona kama hesabu inalingana na binadamu mzima. Ilikubali.

Sasa fuata hesabu yake, ni fupi. Kwenye mafuta alikuta asilimia 95 ndo inafyonzwa, 5 inatoka chooni. 9.4 mara 0.95 ni 8.9, watu wakaipeleka 9. Kwenye kabohaidreti ilifyonzwa asilimia 97, 4.1 mara 0.97 inakaribia 4 kabisa. Protini ndo ina hadithi. Inafyonzwa asilimia 92, ila tatizo si choo peke yake, kuna mkojo. Ndani ya bomu protini inaungua mpaka mwisho, lakini mwili hauna uwezo wa kuimaliza, ile naitrojeni inabidi itolewe nje na inatoka kama yurea, na yurea yenyewe bado inawaka ukiichoma, yaani mwili unatupa kuni ambazo hazijaisha. Atwater alipima hasara hiyo akapata kilokalori 1.25 kwa kila gramu ya protini iliyofyonzwa. Basi 5.65 toa 1.25 unabaki na 4.40, zidisha na 0.92 unapata 4.05, ikawa 4.

Kwa hiyo 4 ya protini na 4 ya kabohaidreti zimekutana tu njiani, hazina undugu. Moja imeanzia 5.65 ikakatwa kodi mara mbili, nyingine imeanzia 4.1 ikakatwa kidogo.

Na usiniulize kwa nini mafuta ni zaidi ya mara mbili bila kukujibu, maana najua litafuata. Kuungua ni kushikana na oksijeni. Glukosi tayari zaidi ya nusu ya uzito wake ni oksijeni, yaani imeshaungua nusu kabla hujaila, mafuta yana oksijeni kama sehemu moja tu ya tisa. Ni kama kuni na mkaa, uzito ule ule lakini mkaa unapika zaidi kwa sababu maji na oksijeni ya kwenye kuni vilishaondoka kwenye tanuri. Mawese yenu huko ni mafuta karibu yote, ndo maana gramu 100 ni kama kilokalori 900 na hata yakiwa mekundu au yamechujwa yakawa meupe, kalori hazibadiliki.

Sasa turudi kwenye karatasi yako.

Angalia ile kabohaidreti 60.0. Hakuna mtu aliyeipima hiyo. Kweli kabisa, hakuna. Maji wamepima kwa kukausha kwenye oveni, majivu kwa kuchoma mpaka ibaki chumvichumvi ya madini tu, mafuta kwa kuyatoa na dawa inayoyeyusha mafuta, protini kwa kupima naitrojeni. Halafu wamechukua 100 wakatoa hivyo vyote: 100 toa 8.6 toa 17.5 toa 10.8 toa 3.1 inabaki 60.0 kamili. Hiyo inaitwa kabohaidreti kwa tofauti. Chochote ambacho hakikupimwa kinaangukia humo, na kitu kikubwa kinachoangukia humo ni nyuzi lishe, zile 7.2 zako. Maganda ya mahindi, ngozi ya soya, vyote viko ndani ya ile 60. Kwa hiyo wewe ulipofanya

```
17.5 x 4 =  70.0
10.8 x 9 =  97.2
60.0 x 4 = 240.0
jumla    = 407.2
```

umezilipa nyuzi mshahara kamili wa wanga. Wao wamezitenganisha kwanza. 60.0 toa 7.2 inabaki 52.8, hiyo ndo kabohaidreti ambayo utumbo mwembamba unaweza kuimeng'enya, halafu nyuzi wakazipa 2 badala ya 4:

```
17.5 x 4 =  70.0
10.8 x 9 =  97.2
52.8 x 4 = 211.2
 7.2 x 2 =  14.4
jumla    = 392.8
```

Ndo ile 393. Tofauti yenu ni 7.2 mara 2, yaani 14.4, ndo imekukosesha usingizi hiyo tu.

Kwa nini nyuzi zipewe 2 na si sifuri, maana si tunaambiwa hazimeng'enywi? Hazimeng'enywi na wewe, ila zikifika utumbo mpana kuna bakteria wanazila, wanazichachusha, na wakichachusha wanatoa asidi ndogondogo za mafuta ambazo ukuta wa utumbo unazifyonza. Unapata mabaki ya karamu ya bakteria. Si nyuzi zote zinachachuka na bakteria nao wanachukua chao, kwa hiyo wastani unaotumika na FAO na nchi nyingi ni 2.

Hapa weka alama kwenye karatasi yako: hakikisha imeandikwa nyuzi lishe na si nyuzi ghafi. Nyuzi ghafi ni kipimo cha zamani cha vyakula vya mifugo, unachemsha sampo kwenye asidi halafu kwenye magadi makali, kinachobaki unakiita nyuzi, lakini nyuzi nyingi zinakuwa zimeshayeyuka njiani. Unga huo huo unaweza kukupa 7 kwa kipimo cha lishe na 2 au 3 kwa kipimo ghafi. Ukichukua ile ghafi ukaiweka kwenye hesabu ya pili utafikiri umetenganisha nyuzi kumbe umetenganisha kipande chake tu. Kwa mchanganyiko wako ambao mahindi hayajakobolewa, 7 inaniingia akilini, 2 ingenifanya niulize.

Haya, kilojuli. Najua hujauliza ila ipo kwenye karatasi na kuna mteja atakuuliza, maana kilokalori moja ni kilojuli 4.184, mtu akichukua 392.8 akazidisha anapata 1643 wakati wao wameandika 1652. Hawajakosea tena. Kwenye kilojuli kuna namba zake zenyewe za kuzidishia, protini 17, kabohaidreti 17, mafuta 37, nyuzi 8, na kila moja imekadiriwa peke yake kuwa namba nzima. 4 mara 4.184 ni 16.7 wakaiita 17. Kwa hiyo ukizidisha 17.5 kwa 17, 10.8 kwa 37, 52.8 kwa 17 na 7.2 kwa 8 ukajumlisha unapata 1652.3. Hizo kilojuli 9 za tofauti zimetokana na kukadiria huko tu. Usijaribu kuzilinganisha kwa nguvu, kila moja ihesabiwe kutoka kwenye gramu.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni batch zijazo. Utakuja kupima tena mwakani protini isome 16.5, utashtuka. Kwenye kalori usishtuke. Fikiria: protini haipimwi yenyewe, inapimwa naitrojeni halafu inazidishwa na 6.25, kwa dhana kwamba protini yote ina asilimia 16 ya naitrojeni. Kwa mahindi sawa, ila protini ya soya ina naitrojeni zaidi kidogo na namba yake halisi ni kama 5.71, karanga 5.46. Maabara moja ikitumia 6.25 kwa kila kitu na nyingine ikatumia namba za kila zao, protini zao zitapishana. Lakini kabohaidreti si ni kinachobaki? Protini ikipungua gramu moja kabohaidreti inaongezeka gramu moja, na zote zinazidishwa na 4. Kalori hazitikisiki hata kidogo. Kosa limejifuta lenyewe.

Mafuta hayajifuti. Yakikosewa gramu moja, gramu hiyo inahama kutoka 9 kwenda 4, kalori 5 zimeondoka. Na unga wako una karanga na soya zenye mafuta mengi, zisiposagwa laini ile dawa ya kuyeyusha haifiki ndani ya chembe na mafuta yanasomwa kidogo kuliko yalivyo. Ukiona karatasi inakuambia mafuta 6 kwa mchanganyiko huo huo, kataa. Fanya hesabu ya mkono: karanga kavu karibu nusu yake ni mafuta, kilo moja ndani ya kumi inakupa kama 4.9 kwa kila 100. Soya ina kama 20, kwa uwiano wako ni 3. Mahindi yasiyokobolewa kama 4 na nusu, mara 0.7 inakupa kama 3.1. Dagaa hapo wanaongeza kama nusu gramu. Jumla inazunguka 11 na nusu. Wamekupa 10.8, safi, naiamini.

Maji nayo hayajifuti, na huko kwenu ziwani hilo ndo la kuliangalia. Unga ukikaa masika stoo bila kufungwa vizuri unavuta unyevu. Tuseme maji yametoka 8.6 yakafika 12. Hakuna kilichoondoka ndani ya unga, ila sasa kwenye kila gramu 100 vitu vikavu ni 88 badala ya 91.4. Chukua 392.8 zidisha kwa 88 gawanya kwa 91.4, unapata 378. Kalori 15 zimeliwa na maji, ni zaidi ya ule ugomvi wote wa nyuzi tulioanza nao. Na hapo sijagusa ukungu, hiyo ni mada nyingine na kwa karanga ni mada nzito.

Kwenye maji hayo hayo nilishawahi kuumbuka. Nikiwa kijana kazini niliandika ripoti ya unga wa mtu, kila kitu kwa msingi mkavu, yaani kana kwamba unga hauna tone la maji, halafu sikuandika hivyo juu ya karatasi. Mwenyewe akaenda kuchapisha lebo. Kwa unga kama wako ingekuwa kusoma 430 badala ya 393. Makosa ya namna hiyo huyaoni kwa macho kwa sababu 430 ni namba ya heshima tu haina sura ya uongo. Unayakamata hivi: jumlisha maji, protini, mafuta, majivu na kabohaidreti ya jumla. Lazima ifike 100. Kama vile vinne vikavu peke yake vimefika 100 na maji yamekaa pembeni, hiyo ni msingi mkavu, usiipeleke kwa mchapishaji. Yako nimejumlisha, 8.6 na 17.5 na 10.8 na 3.1 na 60.0, imefika 100 na maji yamo. Nyuzi usizijumlishe tena, zimo ndani ya 60.

Kingine, hizi 4-4-9 ni wastani wa mlo wa Wamarekani wa enzi hizo, nyama, maziwa, mkate. Si za mahindi na dagaa. Mwaka 1955 Wamarekani wenyewe, Merrill na Watt wa wizara yao ya kilimo, walitoa kitabu cha namba za kila chakula kwa kufuata njia ile ile ya Atwater. Humo protini ya mahindi mazima imepewa 2.73 tu kwa gramu kwa sababu nyingi inapita na maganda, protini ya maharage na jamii ya kunde 3.47, mayai 4.36. Nimeupitisha unga wako kwenye namba hizo haraka haraka, nikitumia ile kabohaidreti 60 nzima, nikapata kama 391. Yaani njia mbili tofauti, moja inasema nyuzi zisilipwe kamili, nyingine inasema kila chakula kina hasara yake chooni, zimekutana karibu pale pale. Kwa sehemu ni bahati, ila kwa sehemu ni kwa sababu zinaongelea kitu kimoja, maganda.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka huku kwetu Tabora. Asali. Jedwali la Wamarekani linasema gramu 100 za asali zina kabohaidreti 82.4 na protini 0.3, mafuta hamna. Kwa 4 tunapata karibu 331. Jedwali hilo hilo linasema 304. Hapa hamna nyuzi za kusingizia, asali ni sukari na maji. Sababu ni kwamba 4 ni wastani wa kabohaidreti za mlo mzima, nyingi zikiwa wanga, na gramu ya wanga si sawa na gramu ya sukari nyepesi. Wanga ni glukosi zilizoshikana mkono kama mnyororo, na kila zinaposhikana hutoka molekuli moja ya maji, kwa hiyo glukosi iliyo huru ina uzito 180 lakini ikiwa ndani ya mnyororo ni 162. Moto ni ule ule karibu, uzito umepungua. Ndo maana gramu ya wanga ikichomwa inatoa kama 4.2 na gramu ya glukosi kama 3.75. Merrill na Watt wakaipa asali 3.68, zidisha na 82.4 utaona 303, ongeza kilokalori moja ya ile protini, 304. Mfugaji nyuki wa Sikonge au Urambo akiandika 330 kwenye chupa hajadanganya, katumia 4 ya jumla inayoruhusiwa, ila sasa unajua ile 304 ya mtandaoni haikutoka hewani.

Kwa hiyo kwenye lebo yako tumia ile ya maabara. Ila kuwa makini usichapishe kabohaidreti 60 na nyuzi 7.2 na 393 kwa pamoja bila maelezo, maana mteja mwenye kalkuleta atafanya ulichofanya wewe na atakuita mwongo. Nchi zinatofautiana, lebo za Ulaya zinaandika kabohaidreti bila nyuzi, za Marekani zinaandika na nyuzi ndani. Kabla hujachapisha muulize afisa wa TBS wanataka mpangilio upi, halafu uchague moja: ama uandike kabohaidreti 52.8 na nyuzi mstari wake, ama uandike kabohaidreti ya jumla 60 na chini yake "kati ya hizo nyuzi 7.2". Mimi ningechagua ya kwanza kwa sababu mtu akizidisha inakubali. Na ile desimali achana nayo, kwa makosa ya kupima tuliyoyaona hapo juu hamna anayejua kama ni 392.8 au 395, andika 393 inatosha.

Mwisho kuna lile ambalo mama zako wanaonunua watakuuliza, uji. 393 ni ya unga mkavu, si ya kikombe. Mama akikoroga gramu 50 za unga kwenye nusu lita ya maji, sufuria nzima ina kilokalori 196 na ushee, na hizo 196 sasa zimesambaa kwenye zaidi ya nusu kilo ya uji. Kwa gramu 100 za uji ni kama 36 au 37 tu, inategemea maji kiasi gani yameondoka na mvuke. Mtoto mdogo tumbo lake linajaa kwa ujazo, si kwa kalori. Hapo ndo kijiko kimoja kikubwa cha mawese kinafanya kazi, gramu kama 14 mara 9 ni 126, sufuria imetoka 196 imefika 322 na uji haujaongezeka hata robo kikombe. Ila protini haikuongezeka, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba mawese ni mbadala wa wale dagaa wako.

Na karanga, endelea kuzisaga laini kabisa. Karanga nzima zikiliwa, vipande visivyotafunika vinapita na mafuta yao ndani ya kuta za chembe, chooni yanaonekana, zikisagwa kuwa siagi yanayotoka ni machache. 4-4-9 haioni hilo, yenyewe inahesabu gramu tu iwe nzima iwe imesagwa. Kwa lozi, ndugu wa karanga kwa ulaji, watafiti wa Marekani walipima mwaka 2012 wakapata lozi nzima gramu 28 zinampa mtu kilokalori 129 wakati kwa Atwater ni kama 170. Unga wako ukiwa laini uko upande mzuri wa hesabu hiyo, ukiukamua kati ya vidole ukasikia chembechembe za karanga, rudisha mashineni.